Namba ya Ethi: Umeipima au Umeiokota?

Ukifungua begi la mita ya ethi, ile aina ambayo wengi wetu tunakutana nayo fildi, mara nyingi utakuta nyaya tatu zimeviringwa vizuri: wa kijani mita 5, wa njano mita 10 na mwekundu mita 20. Pamoja nazo kuna vijiti viwili vya chuma ambavyo mafundi wanaviita spaiki. Mtu anafunga wa kijani kwenye ethi, anapigilia spaiki ya kwanza pale wa njano unapoishia na ya pili pale mwekundu unapoishia, anabonyeza kitufe, anaandika namba. Dakika kumi nyingi. Hakuna anayeuliza kwa nini iwe mita 10 na 20. Waya umeishia hapo, basi na spaiki inakaa hapo.

Mimi pia sikuuliza, hadi siku namba mbili zilipogombana.

Tulikuwa tunapima mtandao wa ethi wa kituo kidogo cha umeme ambacho kilikuwa hakijawashwa. Ni mraba wa mita 20 kwa 20, nyaya za shaba zimefukiwa chini zikipishana kila baada ya mita 5, jumla mita 200 za shaba. Mkataba ulitaka ukinzani usizidi omu 2. Nje ya uzio kulikuwa na zege jipya, kwa hiyo spaiki ya kwanza niliichomeka mita 3 tu kutoka ukingo wa mtandao, nyingine mita 20. Mita ikasema 1.63. Nikafurahi, tumefaulu! Mwenzangu akaenda upande wenye udongo mtupu, akaweka mita 10 na mita 20 kama begi linavyotaka, akapata 2.92. Mtandao uleule, mita ileile, saa moja haijapita.

Tukampelekea fundi mkuu karatasi. Akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, hii 1.63 umeipima au umeiokota?" Nikajitetea, "Fundi, ndiyo mita iliyosema." Akamgeukia mwenzangu: "Na wewe usicheke. Yako pia umeiokota."

Makala hii ni jibu la swali lake. Na si suala la kupata alama za ripoti. Hitilafu ikimwaga ampea 500 ardhini kupitia mtandao wa omu 1.63, mtandao mzima unapanda hadi volti 815 hivi juu ya ardhi ya mbali. Kama ukweli ni omu 2.72, unapanda hadi volti 1,360. Sehemu ya volti hizo ndiyo itakayompata mtu aliyeshika uzio huku amesimama nje. Aliyesaini 1.63 amemhesabia mtu huyo hatari ndogo kuliko ile iliyopo.

Mita inafanya nini hasa

Tuipe majina miguu mitatu. E ni ethi tunayoipima. C ni spaiki ya mkondo, ile ya mbali. P ni spaiki ya volteji, ile ya katikati. Mita inasukuma mkondo geu kutoka E kupitia udongo hadi C. Wakati huohuo inasoma tofauti ya volteji kati ya E na P. Kisha inagawanya: R = V/I. Ndiyo maana njia hii inaitwa ya kushuka kwa volteji. Ukiondoka E kuelekea C, volteji ya ardhi inashuka kadiri unavyosogea, na P ndiyo jicho linalosoma imeshuka kiasi gani.

Sasa, ukinzani wa ethi unakaa wapi? Haukai kwenye chuma, maana shaba haina shida. Unakaa kwenye udongo unaoizunguka. Fikiria mkondo unatoka kwenye fimbo ya ethi na kusambaa pande zote. Karibu na fimbo njia ni nyembamba, mkondo umebanana. Ukienda mbali kidogo njia imekuwa pana, na kila tabaka la udongo linaongeza ukinzani mdogo kuliko lililotangulia.

Tuweke namba. Fimbo moja ya mita 2.4 yenye kipenyo cha milimita 16, kwenye udongo wenye ukinzani mahususi wa omu mita 100, inatoa omu 40.4 hivi kwa hesabu. Ukisimamisha P sentimita 30 tu kutoka kwenye fimbo, tayari umeshavuka zaidi ya nusu ya volteji yote. Ukifika mita 2.4, yaani urefu wa fimbo yenyewe, umevuka kama asilimia 85. Ukifika mita 10 umevuka asilimia 96. Kilichobaki ni kidogo na kinapungua polepole sana.

Kwa maneno mengine, kila elektrodi ina kilima chake cha volteji. E ina kilima, na C nayo ina chake, ila kimepinduliwa kama shimo, kwa sababu mkondo unarudi kwenye mita kupitia hapo. P ikiwa bado kwenye mteremko wa kilima cha E, haijahesabu kushuka kote, kwa hiyo mita inasoma kidogo kuliko ukweli. P ikiwa imeanza kuingia kwenye shimo la C, inahesabu na kushuka ambako si kwa E, na mita inasoma kikubwa kuliko ukweli. Kinachotakiwa ni P ikae kwenye uwanda ulio katikati, mahali ambapo kilima kimekwisha na shimo halijaanza.

Uwanda huo unakuwepo tu kama E na C zimeachana vya kutosha. Zikikaribiana, mteremko unaishia moja kwa moja kwenye shimo. Hapo P haina pa kusimama.

Asilimia 62 ilitoka wapi

Wengi tunakumbuka kutoka darasani: weka P kwenye asilimia 62 ya umbali wa kutoka E hadi C. Tunaikariri kama namba ya simu. Lakini inatoka kwenye hesabu fupi, na ukiiona utajua pia inaishia wapi.

Chukulia E ni nusu tufe dogo kwenye udongo wa aina moja. C iko umbali d, P iko umbali x, zote kwenye mstari mmoja. Mita inakosea kwa sababu tatu. C inashusha volteji ya E yenyewe, kwa kiasi kinachoendana na 1/d. P haijafika mbali kabisa, kwa hiyo bado inahisi volteji ya E, kwa kiasi cha 1/x. Makosa haya mawili yanapunguza namba. La tatu, C inashusha volteji pale P iliposimama, kwa kiasi cha 1/(d − x), na hili linaongeza namba. Ukitaka makosa yafutane:

1/(d − x) = 1/d + 1/x

Ukiandika k = x/d, unabaki na k² + k − 1 = 0, na jibu lake ni k = 0.618.

Basi. Asilimia 62 si mahali ambapo hakuna makosa. Ni mahali ambapo makosa ya kupunguza na makosa ya kuongeza yanalingana. Na yanalingana kwa masharti manne: udongo uwe wa aina moja, E iwe ndogo ukilinganisha na d, spaiki ziwe kwenye mstari mnyoofu upande mmoja wa E, na umbali upimwe kutoka katikati ya E. Ukivunja sharti moja, makosa hayafutani tena, na mita haitakupigia honi kukuambia.

Kwa fimbo moja masharti haya ni rahisi kuyatimiza. Tuangalie fimbo yetu ya omu 40.4. Ukiweka C mita 50, halafu ukasogeza P hatua kwa hatua, hesabu inatoa hivi:

P mita 5: omu 37.3
P mita 10: omu 38.9
P mita 20: omu 39.8
P mita 31: omu 40.4
P mita 40: omu 41.3
P mita 45: omu 42.9

Huo ndio uwanda. Kutoka mita 20 hadi 40 namba imesogea omu moja na nusu tu. Sasa lete C mita 10. P ikiwa mita 5.2 unasoma 39.2, ikiwa mita 6.2 unasoma 40.5, ikiwa mita 7.2 unasoma 42.3. Asilimia 62 bado imetoa jibu zuri, lakini uwanda umekwisha, ni mteremko mtupu. Kwa fimbo moja kosa hilo linavumilika. Na hata mpangilio wa begi, P mita 10 na C mita 20, unatoa 39.6, pungufu kwa asilimia 2 tu. Kwa hiyo nyaya za begi hazina kosa lolote. Zilikatwa kwa ajili ya kazi ndogo kama hii.

Shida inaanza pale tunapozibeba na kwenda kupima kitu kikubwa.

Kilichotokea kwetu

Rudi kwenye mtandao wetu wa mita 20 kwa 20. Kilima chake cha volteji ni kipana, maana mkondo hautoki kwenye fimbo, unatoka kwenye mraba mzima. Fimbo ya mita 2.4 ukiisogelea hadi mita 10 umeshatoka kwenye sehemu kubwa ya kilima chake. Mtandao huu, mita 10 kutoka ukingo bado uko kwenye bega la kilima.

Kosa langu lilikuwa P mita 3 kutoka ukingo. Hapo volteji ya ardhi ilikuwa bado karibu na ile ya mtandao wenyewe. Mita ikaona tofauti ndogo, ikagawanya, ikatoa 1.63. Ukitaka "kufaulisha" ethi mbovu, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote: sogeza P karibu na ethi. Na ndiyo maana ni kosa la hatari zaidi, kwa sababu linampendeza kila mtu. Mkandarasi anafurahi, mwanafunzi anafurahi, karatasi inasainiwa.

Kosa la mwenzangu lilikuwa la namna nyingine, nalo lilijificha zaidi. Alipima umbali kutoka ukingo wa mtandao, mita 10 na mita 20. Kwa macho yake P ilikuwa katikati, asilimia 50, tena akaogopa labda iko karibu sana na ethi. Lakini hesabu haijui ukingo, inajua katikati. Kutoka katikati ya mraba, P ilikuwa mita 20 na C mita 30. Hiyo ni asilimia 67. P ilikuwa imeshaanza kuteleza kwenye shimo la C, na ndiyo maana 2.92 imezidi.

Fundi mkuu hakutuambia haya kwa maneno. Alimwambia mwenzangu arudishe P nyuma mita 2, kisha aisogeze mbele mita 2, bila kugusa C. Nyuma akapata 2.55. Mbele akapata 3.41. Mita 4 za kusogea, na namba imepanda kwa theluthi! "Haya," akasema, "niambie ipi ni ethi ya kituo."

Hatukuwa na jibu, na hapo ndipo nilipoelewa. Mahali fulani kati ya 2.55 na 3.41 namba ya kweli ipo, P inaipita njiani. Lakini huwezi kujua imeipita wapi, kwa sababu hakuna pa kusimama palipo tambarare. C ikiwa karibu kiasi hicho, kila namba unayoitaka utaipata, ni suala la kuchagua pa kupigilia.

Dawa yake

Dawa ya kwanza ni C iende mbali. Kwa mtandao, kanuni inayotumika sana ni mara 5 hadi 10 ya kipimo chake kirefu zaidi, na kipimo kirefu cha mraba ni ulalo wake, si upande. Ulalo wa mita 20 kwa 20 ni mita 28, kwa hiyo tunazungumzia mita 140 hadi 280. Nyaya za begi hapo ni mzaha. Tuliazima waya kwenye gurudumu, tukavuka uwanja wa mpira na kuendelea mbele, C ikakaa mita 200 kutoka katikati ya mtandao.

Dawa ya pili ni kutoandika namba moja. P tuliiweka mita 124, ambayo ni asilimia 62. Kisha tukairudisha nyuma kwa asilimia 10 ya umbali wote, yaani mita 20, hadi mita 104. Kisha tukaipeleka mbele hadi mita 144. Tulipata 2.65, 2.72 na 2.81. Namba ya nyuma na ya mbele hazikuachana na ya katikati hata kwa asilimia 5. Huo sasa ni uwanda, na 2.72 unaweza kuiandika na kuweka jina lako chini yake.

Angalia kwamba kusogeza P ndiko kunakokuambia kama C iko mbali vya kutosha. Namba tatu zikikubaliana, umbali unatosha. Zikipanda kama ngazi, acha kuhangaika na P, kaongeze umbali wa C. Watu wengi wanafanya kinyume: wanasogeza P hadi wapate namba inayofanana na ya mkataba, halafu wanafunga begi.

Dawa ya tatu inahusu mwelekeo. Ile asilimia 62 inataka P na C ziwe upande mmoja. Kuna anayekosa nafasi, akaweka C mbele ya jengo na P nyuma. Kwenye mtandao wetu, C mita 30 upande mmoja na P mita 20 upande wa pili, zote kutoka katikati, hesabu inatoa 1.65. Shimo la C liko mbali na P, kwa hiyo lile kosa la kuongeza halipo tena kusawazisha mawili ya kupunguza. Unapata namba nzuri, ya uongo, karibu sawa na ile yangu ya zege.

Mwelekeo una jambo lingine pia. Bomba la chuma au uzio wenye nguzo za chuma ukipita sambamba na mstari wako, mkondo unaufuata huo badala ya kusambaa kwenye udongo, na grafu inakuwa na mabonde yasiyoeleweka. Huwezi kuliona bomba, lakini unaweza kurudia kipimo kwa mstari ulio pembe mraba na wa kwanza. Namba zikitofautiana sana kati ya mistari miwili, kuna chuma mahali, au udongo si wa aina moja. Na kwa mtandao mkubwa wenye ukinzani mdogo, waya wa P na waya wa C usiviache vilale pamoja urefu wote. Mkondo geu wa C unazalisha volteji kwenye waya wa P, na volteji hiyo inaingia kwenye hesabu kana kwamba imetoka ardhini. Zitenganishe mita kadhaa.

Na kama nafasi haipo kabisa, yaani kituo kiko mjini kati na mita 200 zinaishia sebuleni kwa watu? Hapo asilimia 62 haikufai. Kuna njia ya mteremko iliyoandaliwa na mhandisi G. F. Tagg. Unasoma P kwenye asilimia 20, 40 na 60 ya umbali wa C, unatafuta uwiano wa mabadiliko, (R3 − R2)/(R2 − R1), kisha jedwali lake linakuambia P ilipaswa kuwa wapi. Uzuri wake ni kwamba haikulazimishi kujua katikati ya mtandao iko wapi. Na ina kinga yake: uwiano ukitoka nje ya jedwali, maana yake C iko karibu mno, na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Jambo moja la usalama kabla sijamaliza. Sisi tulipima kituo ambacho hakijawashwa na hakijaunganishwa na kitu. Ethi ya jengo linalotumika usiifungue ili kuipima huku umeme upo. Ukiifungua, jengo halina ethi, na waya ulioushika unaweza kuwa na volti. Zima kwanza, thibitisha, ndipo ufungue. Na usipoitenganisha, unachopima ni ethi yako pamoja na kila kitu kilichoungana nayo.

Mtandao wetu ulifeli. Omu 2.72 ni zaidi ya 2, na mkandarasi alirudi kuchimba na kuongeza nyaya na fimbo nje ya mraba wa kwanza. Karatasi yangu ya 1.63 fundi mkuu hakuichana. Aliirudisha mkononi mwangu na kuniambia niandike pembeni yake P ilikuwa wapi na C ilikuwa wapi, kutoka katikati. Niliandika: mita 13, mita 30. Ukishaandika hivyo, huhitaji mtu wa kukuambia kwamba hiyo namba umeiokota.